Mwalimu Anayebana Maksi na Bunda Lililomwangukia

Insha ni moja, kurasa mbili na nusu, kalamu ya buluu. Mwanafunzi anasimulia msafara wa harusi uliokwama matopeni, bibi harusi akashuka na gauni lake kusukuma gari. Mwalimu wa meza ya kwanza anaisoma huku kalamu nyekundu ikipiga duara kila penye "h" iliyodondoka, kisha anaandika 10 kati ya 20. Mpe mwenzake wa meza ya pili karatasi hiyo hiyo kabla haijachafuliwa na zile duara nyekundu. Huyu atacheka mahali pa kuchekea, atazisamehe zile "h", ataandika 14. Kwa mwongozo unaotumika kusahihisha insha za kidato cha nne nchini Kenya, 10 ni kilele cha Kiwango cha C na 14 iko ndani ya Kiwango cha B. Mtoto ni yule yule, gauni limechafuka matope yale yale.

Kila shule ina mwalimu anayejulikana kwa kubana maksi na mwingine anayejulikana kwa kuzimwaga. Darasani hilo halina madhara makubwa, kwa sababu wanafunzi wote wa darasa hupitia mkono mmoja. Shida huanza pale karatasi 500 zinapogawanywa kwa walimu wanne au watano, halafu matokeo yakapangwa kwenye orodha moja, wa kwanza hadi wa mwisho. Hapo mtoto aliyeangukia kwa mbanaji anashindanishwa na mtoto aliyeangukia kwa mmwagaji, na wote wawili hawajui.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1890 Francis Ysidro Edgeworth, mwanauchumi aliyependa sana hesabu za bahati nasibu, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya Uingereza. Kipande kimoja cha nathari ya Kilatini kilisahihishwa na wasomi 28, kila mmoja peke yake, kana kwamba mtahiniwa alikuwa akiomba nafasi katika utumishi wa serikali ya India. Aliyetoa kidogo kuliko wote alitoa 45. Aliyetoa nyingi alitoa 100. Mwaka 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walipeleka karatasi ya Kiingereza ya mwanafunzi wa sekondari kwa walimu katika shule nyingi. Majibu 142 yalirudi, na karatasi hiyo moja ilipata kuanzia 64 hadi 98.

Edgeworth hakuishia kulalamika. Alishauri kwamba maksi ya kweli ya karatasi ichukuliwe kuwa wastani wa maksi ambazo wasahihishaji wengi wenye ujuzi wangeitoa. Ukikubali hivyo, ukali wa mwalimu unakuwa kitu cha kupimika: ni umbali kati ya maksi zake na wastani huo. Na kitu kinachopimika kinaweza kurekebishwa. Kazi iko kwenye kukipima sawasawa, maana njia inayomjia mtu kwanza kichwani ndiyo inayopotosha.

Tuitazame kwa mfano wa kubuni, ila wa kawaida kabisa. Shule kadhaa za eneo moja zimefanya mtihani wa mwigo, ule ambao wanafunzi huuita moko. Karatasi ya insha ina insha mbili za maksi 20 kila moja, jumla 40. Watahiniwa ni 480, walimu wa kusahihisha ni wanne, kila mmoja amebeba bunda la karatasi 120. Baada ya siku tatu mratibu anaketi na kikokotoo na kutafuta wastani wa kila bunda. Mwalimu wa kwanza: 22.6. Wa pili: 23.1. Wa tatu: 18.9. Wa nne: 24.0. Wastani wa jumla ni kama 22.15.

Macho yote yanamgeukia wa tatu. Yuko chini ya wastani wa jumla kwa maksi tatu na robo, na sifa yake ya ubahili inajulikana tangu zamani. Mratibu anashawishika kuongeza maksi tatu kwa kila karatasi ya bunda lile na kuifunga kazi kabla ya chakula cha mchana.

Kabla ya hapo inafaa kuuliza mabunda yaligawanywaje. Kwa kawaida hugawanywa kama yalivyofika: shule hii kwa huyu, shule ile kwa yule, kwa sababu ndivyo bahasha zilivyofungwa. Ikiwa bunda la tatu limetoka shule ya kutwa ambayo haijawa na mwalimu wa Kiswahili kwa muhula mzima, wastani wa 18.9 unaweza kuwa wa wanafunzi wala si wa mwalimu. Kumwongezea maksi tatu ni kuwapa wanafunzi wa shule moja zawadi ambayo wengine hawakupewa. Wastani wa bunda ni mchanganyiko wa vitu viwili, uwezo wa walioandika na mkono wa aliyesahihisha, na hesabu peke yake haiwezi kuvitenganisha.

Dawa ya kwanza ni kuchanganya karatasi kabla ya kugawa, kama mtu anavyochanganya karata: moja kwa huyu, moja kwa yule, mpaka ziishe. Hapo kila bunda litakuwa na watoto wa kila shule, na tofauti kubwa ya wastani itaanza kumnyooshea mwalimu kidole. Lakini hata karata zilizochanganywa vizuri humwangukia mchezaji mmoja vibaya, na watu wengi hawajui bahati hiyo ni kubwa kiasi gani.

Inahesabika. Maksi za wanafunzi katika mtihani kama huu hutawanyika. Tuseme mtawanyiko wao wa kawaida kuzunguka wastani ni maksi 6. Ukichota karatasi 30 kwenye bunda, wastani wa hizo 30 utayumba kwa bahati tu kwa kiasi cha 6 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 30, yaani kama maksi 1.1. Ukilinganisha wastani wa walimu wawili, kila mmoja na karatasi zake 30, mayumbo hayo mawili yanaungana na kuwa kama 1.55. Wanatakwimu huwa hawashtuki mpaka tofauti ipite mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hiyo walimu wawili wenye mkono ule ule kabisa wanaweza kupishana kwa maksi tatu kati ya 40, na pasiwepo wa kulaumiwa.

Hapo ndipo ujanja unapohitajika, nao ni mwepesi kuueleza: usilinganishe karatasi za huyu na karatasi za yule. Chukua sampuli kutoka kwa kila mwalimu, ipeleke kwa mtu mmoja aisahihishe upya, halafu linganisha wastani wawili wa karatasi zile zile. Uwezo wa wanafunzi unajifuta wenyewe, kwa sababu uko pande zote mbili za kutoa. Kinachobaki ni mkono.

Turudi kwenye moko yetu. Kutoka kila bunda la karatasi 120 zinachotwa 30. Hazichotwi za juu juu. Mratibu anaandika namba 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, anaokota kimoja bila kutazama, inatoka 3. Basi anachukua karatasi ya 3, ya 7, ya 11, hivyo hivyo kila ya nne mpaka mwisho. Kwa njia hiyo sampuli inagusa karatasi zilizosahihishwa asubuhi ya siku ya kwanza, mwalimu akiwa bado na chai tumboni, na zile za jioni ya siku ya tatu alipokuwa akiwaza basi la kurudi nyumbani. Mwalimu mwenyewe haruhusiwi kuchagua, hata kama ni mwaminifu kama mizani ya dhahabu. Akiachiwa, mkono wake utaelekea kwenye karatasi anazojivunia.

Sampuli zote nne, karatasi 120, zinakwenda kwa mtahini mkuu. Maksi za kwanza lazima zifichwe: ama walimu waliandika maksi kwenye orodha ya pembeni badala ya juu ya karatasi, ama mtu amekaa na mkanda wa karatasi akizifunika. Kupuuza hatua hii kunaharibu kazi yote. Mtu akishaona 12 imeandikwa kwa wino mwekundu, 12 ile inamvuta. Atatoa 13, labda 12 na nusu, na ukali wa mwalimu utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Dalili yake hujitokeza baadaye, pale tofauti kati ya mkuu na walimu wote inapokuwa ndogo ajabu, kana kwamba wamezaliwa pacha.

Hesabu inarudi hivi. Kwa mwalimu wa kwanza, sampuli yake ilikuwa na wastani wa 22.4 kwa mkono wake na 22.0 kwa mkono wa mkuu. Wa pili, 23.2 na 23.4. Wa tatu, 18.7 na 20.5. Wa nne, 24.2 na 22.1.

Mwalimu wa tatu kweli anabana, lakini kwa maksi 1.8, wala si zile tatu na robo. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya wanafunzi: hata mkuu mwenyewe, alipozisoma karatasi za bunda lile, alizipa 20.5, ilhali wastani wake kwa sampuli zote nne ulikuwa 22.0. Anayeshangaza zaidi ni wa nne. Mwanzoni hakuna aliyemtazama, maana wastani wake ulikuwa juu kidogo tu na ingedhaniwa kwamba amepata shule nzuri. Kumbe shule yake ni ya kawaida kabisa, na maksi 2.1 zote zilitoka mfukoni mwake. Katika vyumba vya kusahihishia mbanaji huitwa majina, lakini mmwagaji huondoka salama. Hii ni kasoro ya kibinadamu, kwani anayenyimwa hulalamika na anayezidishiwa hunyamaza.

Sasa swali la bahati linaulizwa upya, na safari hii jibu ni zuri zaidi. Kinachotawanyika si maksi za wanafunzi tena, ni tofauti kati ya mkuu na mwalimu kwenye karatasi moja moja. Tuseme mtawanyiko wake ni maksi 3. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 30, unapata kama 0.55. Mara mbili yake ni 1.1. Hicho ndicho kizingiti: tofauti iliyo chini ya 1.1 haiguswi, kwa sababu inaweza kuwa ya bahati. Mwalimu wa kwanza na 0.4 yake, na wa pili na 0.2 yake, wanaachwa kama walivyo. Wa tatu anaongezewa maksi 2 kwa kila karatasi, wa nne anapunguziwa 2, baada ya kukadiria kwenye namba kamili iliyo karibu.

Ili kuona faida ya kutumia karatasi zile zile, jaribu kuupata uhakika huo kwa njia ya awali, ya kulinganisha mwalimu na mwalimu kwa karatasi tofauti. Ungehitaji karatasi 240 kutoka kwa kila mmoja. Kila mwalimu alikuwa na 120 tu.

Mtu makini atauliza: na mkuu mwenyewe nani amempima? Ni kweli, huenda mkuu naye ni mbahili. Ila ubahili wake ukiwa ule ule kwa sampuli zote, haudhuru mpangilio wa orodha, kwa kuwa kila bunda limesogezwa kuelekea mkono mmoja. Unachoweza kuharibu ni mpaka wa kufaulu na kufeli, ikiwa umewekwa kwa namba ngumu. Kwa sababu hiyo baadhi ya waratibu huwapa watahini wakuu wawili sampuli hiyo na kutumia wastani wao, jambo linalomrudia Edgeworth na wasomi wake 28, japo kwa bei nafuu.

Wastani una upofu wake, na huu ndio mtego mbaya kuliko yote katika njia hii. Mfikirie mwalimu mwoga. Hapendi kumpa mtu 34, hapendi kumpa mtu 12. Kila mtoto anamsogeza katikati. Mkuu akitoa 34, yeye ametoa 29. Mkuu akitoa 12, yeye ametoa 17. Mwishoni wastani wao unalingana hadi sehemu ya kumi, tofauti ni sifuri, na mratibu anapiga tiki. Wakati huo mwanafunzi bora wa bunda lile amepoteza maksi tano na hakuna namba iliyopiga kelele.

Tiba ni kutazama zaidi ya wastani. Zipange karatasi 30 za sampuli kuanzia ile mkuu aliyoipa nyingi hadi ile aliyoipa kidogo, kata mafungu matatu ya kumi kumi, tafuta tofauti katika kila fungu. Kama tofauti ni kama ile ile katika mafungu yote, kuongeza au kupunguza namba moja kunatosha. Kama kumi za juu zinasema mwalimu anabana na kumi za chini zinasema anamwaga, kuongeza namba moja ni kazi bure. Hapo maksi zake hunyooshwa: umbali wa kila karatasi kutoka kwenye wastani wake huzidishwa mpaka mtawanyiko wake ufanane na wa mkuu, kisha ndipo bunda zima lisogezwe.

Yupo pia mwalimu asiyetibika kwa hesabu. Karatasi hii ameizidishia 6, inayofuata ameipunguzia 7, ya tatu amepatia. Wastani wake nao ni safi. Kumtambua ni kutazama ule mtawanyiko wa tofauti. Wenzake wana 3, yeye ana 7 au 8. Hakuna namba ya kumwongezea itakayosaidia, kwa sababu kosa lake halina mwelekeo. Bunda lake lote husahihishwa upya na mwingine. Mkali anayeshikilia ukali wake kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya mwisho ni rafiki wa mratibu. Huyu mwingine ndiye wa kuogopwa, ingawa kwenye mazungumzo ya chai mara nyingi ndiye anayesifiwa kwa upole.

Katika usahihishaji mkubwa wa kitaifa, Kenya na Tanzania, mzigo huu hupunguzwa kwa namna nyingine: karatasi husogea mezani kama bidhaa kwenye mkanda wa kiwandani, kila msahihishaji akishughulikia swali lake moja, kwa hiyo mtahiniwa hukutana na mikono mingi na ubahili wa mmoja humezwa na wengine. Kwa maswali mafupi ya jografia au baiolojia hilo husaidia sana. Kwa insha husaidia kidogo. Pale insha mbili zinapobeba maksi zote 40, mikono ni miwili tu, na kila mmoja umeshika nusu ya maksi za mtoto. Na pale wanaosahihisha insha ile ile ni wengi, bahati ya kumwangukia huyu au yule inabaki pale pale. Bodi za Uingereza zinazosahihishia kwenye skrini za kompyuta huchomeka kazi ambazo maksi zake zilishakubaliwa na wakuu. Msahihishaji hajui ni ipi, na akikosea mara kadhaa husimamishwa hapo hapo. Ni sampuli ile ile, ila imefanywa mapema, kazi ikiwa bado inaendelea.

Kwenye moko yetu hakuna skrini. Kuna meza, orodha, na mwalimu wa nne anayeambiwa kwamba bunda lake linapunguzwa maksi mbili kila karatasi. Anaonyeshwa karatasi zake thelathini, maksi zake upande huu na za mkuu upande ule. Anaruhusiwa kuzisoma, na anapoona insha ya msafara wa harusi ambayo yeye aliipa 17 na mkuu akaipa 13, anaanza kubisha, kisha anarudi kwenye ukurasa wa pili na kunyamaza. Maksi za awali hazifutwi. Hubaki kwenye safu yake, na zilizorekebishwa huandikwa safu ya pembeni, ili mzazi akija kuuliza aonyeshwe zote mbili.

Yanabaki mambo madogo ya mwisho wa orodha. Kwenye bunda la tatu kuna mtoto aliyepata 39. Kwa nyongeza ya 2 angefika 41, na karatasi ina maksi 40, basi anaishia 40. Chini kabisa ya bunda hilo hilo kuna karatasi tupu, jina na namba ya mtahiniwa tu, mistari yote mieupe. Mwalimu alikuwa ameiandikia 0. Karani aliyekuwa akiongeza 2, 2, 2 kwa safu nzima alifika hapo, akainua kalamu, akauliza. Mratibu akamwambia aiache sifuri.